Simu ilifika, umeme ukachelewa: uchambuzi wa kisa cha M-KOPA

Ilipofika mwaka 2010, kila mtu nchini Kenya alijua kwamba simu zimeenea. M-Pesa ilikuwa na miaka mitatu tangu izinduliwe Machi 2007, mawakala wake walikuwa wameshafika kwenye vituo vya biashara vya vijijini ambako hakuna benki iliyowahi kufungua mlango, na kijana wa kuchunga ng'ombe alikuwa na simu ya kitochi mfukoni. Benki iliona, kampuni ya vinywaji iliona, na wanasiasa waliona pia. Jambo linaloonwa na wote haliwezi kumpa mtu mmoja nafasi ambayo wenzake hawana. Wengi walioitazama ile simu wakaona biashara ya simu: kuuza vifaa, kuuza vocha, kukarabati, kuwa wakala. Biashara hizo zilikuwa halali na zililisha familia nyingi, lakini zilijaa haraka sana, kwa sababu kila mwenye mtaji mdogo alifikia wazo lilelile kwa njia ileile.

Kisa ninachotaka kukipekua hapa ni cha watu waliotazama kuenea kwa simu wakatoka na biashara ya taa. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza mitambo midogo ya sola kwa umma nchini Kenya mwaka 2012. Waanzilishi wake walikuwa watatu: Nick Hughes, aliyekuwa Vodafone na kuongoza wazo lililozaa M-Pesa, Jesse Moore, aliyekuwa amefanya kazi katika GSMA, umoja wa makampuni ya simu duniani, na Chad Larson. Kufikia 2014 mitambo yao ilikuwa kwenye nyumba zipatazo laki moja, na mwaka 2017 ikafika nusu milioni. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya teknolojia au ya kusaidia maskini. Mimi nakiona zaidi kama mfano safi wa namna mwelekeo mkubwa unavyoweza kusomwa hadi ukaonyesha biashara ambayo bado haijaanzishwa, na nitajaribu kuufuata usomaji huo hatua kwa hatua.

Tuanze na jambo ambalo simu inalihitaji. Simu haiwezi kuishi bila umeme. Kwa sensa ya Kenya ya mwaka 2009, takribani kaya tatu kati ya kila nne hazikuwa na umeme wa gridi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zinawasha mafuta ya taa, iwe kwenye taa ya chemni au kwenye koroboi, ambayo Tanzania tunaiita kibatari. Katika kipindi hichohicho laini za simu zilikuwa zinapanda kuelekea milioni 30, katika nchi ya watu milioni 38 na ushee. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, unapata mamilioni ya watu wenye simu ambao nyumbani kwao hakuna pa kuichomeka. Kitu kimoja kimekwenda mbio, na kile kinachokitegemeza kimebaki nyuma. Mwelekeo unapokitangulia kitu unachokitegemea, hapo katikati panafunguka pengo, na watu wanaoishi ndani ya pengo hilo hawakai wakisubiri. Wanalijaza kwa namna yao, tena kwa fedha taslimu.

Namna yao ilikuwa hii. Kwenye kituo cha biashara kulikuwa na kinyozi au duka lenye umeme, au mwenye betri ya gari aliyoichaji mjini. Mezani kumepangwa simu, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina au namba ili isichanganywe na nyingine. Unaiacha asubuhi, unaichukua jioni, unalipa shilingi 20 za Kenya. Anayekaa mbali anampa mtoto aipeleke akielekea shule, au anaiunganisha safari hiyo na ya gulio. Siku simu iko kwa kinyozi, mwenye simu hapatikani, na kama kuna mtu wa kumtumia fedha au kibarua wa kumwita, nafasi hiyo imepita.

Mtu anayesaka biashara akifika hapo asiipite meza ile haraka. Ile shilingi 20 ni bei ya umeme kwa mtu asiye na umeme. Betri ya simu ndogo ya wakati ule ilibeba nguvu kidogo sana, kama watisaa tatu au nne hivi. Watisaa elfu moja ndizo zinazofanya uniti moja ya umeme, kwa hiyo uniti moja ingetosha kuchaji simu ile zaidi ya mara 250. Kwa shilingi 20 kila mara, mwanakijiji alikuwa ananunua umeme kwa zaidi ya shilingi 5,000 kwa uniti. Hakuna tajiri wa Nairobi aliyewahi kulipa bei ya karibu na hiyo. Kinyozi hakuwa anamnyonya mtu, kwa maana alikuwa anauza huduma, mahali na uangalizi. Lakini bei hiyo ilikuwa inasema kwa sauti kubwa kwamba mahitaji yapo, fedha ipo, na aliyepo kuyahudumia anayahudumia kwa gharama kubwa.

Hapo ndipo inapobidi kuingia ndani ya nyumba na kuhesabu matumizi kama yanavyotoka mkononi kila siku. Tuchukue nyumba ya mfano, yenye simu mbili, redio moja na watoto wanaosoma usiku. Mafuta ya taa yananunuliwa kwa chupa ndogo dukani, tuseme shilingi 22 kwa siku. Simu mbili zinachajiwa jumla mara nne au tano kwa wiki, na hiyo ni kama shilingi 13 kwa siku. Mawe ya redio hayanunuliwi kila siku, lakini ukiyagawa yanakuja shilingi 5. Jumla ni shilingi 40. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana kuwa kubwa, na mwenye nyumba akiulizwa kwa ghafla anatumia kiasi gani kwa nishati atasema kidogo tu. Kwa mwaka ni shilingi 14,600. Ndiyo maana swali la jumla kama «unahitaji nini?» halisaidii sana katika kutafuta pengo. Ulizia jana: jana ulinunua nini, wapi, kwa shilingi ngapi, na nani alikwenda kukifuata. Majibu ya jana yana namba ndani yake.

Sasa sola. Watu wengi wanadhani M-KOPA ndiyo iliyoleta sola vijijini Kenya, na hapo kisa chote kinaeleweka vibaya. Kenya ilikuwa na soko la sola tangu miaka ya 1980, soko la kweli la fedha taslimu, lenye mafundi, maduka ya spea na wateja waliokuwa walimu, wakulima wa chai na wafanyabiashara wadogo. Paneli zilikuwa zinauzwa kabla ya simu kufika. Kwa hiyo mtu ambaye mwaka 2010 angesema «nimegundua biashara ya sola vijijini» angekuwa amechelewa kwa zaidi ya miaka ishirini. Palikuwa na bidhaa, palikuwa na wahitaji, na bado nyumba nyingi zilikuwa gizani. Pengo lenyewe lilikuwa dogo na la ndani zaidi, na ili kulipata ilikuwa lazima kuuliza ni kitu gani hasa kilikuwa kinawazuia watu hawa wasinunue.

Kizuizi kilikuwa mkupuo. Mtu anayetoa shilingi 40 kila siku hana shilingi 15,000 za leo. Mkopo ungeweza kuziba tofauti hiyo, na taasisi za mikopo midogo zilikuwepo. Lakini hesabu ya kukusanya iliwashinda. Fikiria mteja anayetakiwa kurejesha shilingi 280 kwa wiki, anaishi kilomita kumi kutoka barabarani. Mkusanyaji akipanda bodaboda kwenda na kurudi, nauli na posho yake ya nusu siku vinameza fungu kubwa la marejesho yale, na asipomkuta mteja, amerudi na hasara. Halafu kuna upande wa pili: mteja asipolipa, unafanya nini? Kuibandua paneli juu ya paa la mtu ni ugomvi, ni gharama, na paneli iliyotumika haina bei. Kwa hiyo mkopeshaji wa sola alikuwa na ahadi ya mtu asiyemjua, hana namna rahisi ya kupokea fedha yake na hana dhamana. Hakuna mwenye busara ambaye angekopesha hapo, na si kwa sababu watu wa vijijini hawalipi.

Ukishakitaja kizuizi kwa jina, swali linalofuata ndilo lenye uzito kuliko yote katika kisa hiki: je, kuna kitu kilichobadilika hivi karibuni kinachokiondoa? Biashara ambayo haijaanzishwa kwa kawaida ina sababu ya kutoanzishwa. Kama sababu hiyo bado imesimama, wewe unayekuja sasa utaikuta palepale ilipowakwamisha waliokutangulia. Kama imeanguka juzi, watu wengi watakuwa bado wanaishi kana kwamba ipo.

Vizuizi vyote viwili vilikuwa vimeanguka, na vyote viliangushwa na simu. Cha kupokea fedha kiliondolewa na M-Pesa. Inafaa kukumbuka kwamba majaribio ya M-Pesa mwaka 2005 yalihusu marejesho ya mikopo midogo, na huduma ikageukia kutumiana fedha baada ya kuonekana kwamba watu wenyewe wanaitumia hivyo. Nick Hughes alikuwa ameyaona hayo kwa karibu. Alijua kwamba sasa mtu aliye kilomita kumi kutoka barabarani anaweza kulipa shilingi 40 akiwa amekaa jikoni kwake, na hakuna anayepanda bodaboda kumfuata. Kizuizi cha dhamana kiliondolewa na laini ya simu yenyewe, safari hii ikiwa imewekwa ndani ya mtambo.

Mtambo wa mwanzo ulikuwa na paneli ndogo ya kuweka juu ya paa, kisanduku cha kudhibiti chenye betri, taa za LED, waya wa kuchaji simu wenye vichwa mbalimbali, na redio. Kisanduku kina laini yake ndani. Mteja analipa kwa M-Pesa kwenye namba ya kampuni akitaja namba ya akaunti yake. Malipo yanafika kwenye kompyuta za kampuni. Kompyuta zinatuma ujumbe kupitia mtandao wa simu hadi kwenye kisanduku. Kisanduku kinaongeza siku. Siku zikiisha, taa haziwaki hadi malipo mengine yaje. Hakuna anayekuja kung'oa kitu. Paneli inabaki juu ya paa, na huduma ndiyo inayokatika. Masharti ya mwanzo yaliyojulikana sana yalikuwa malipo ya awali ya shilingi 2,999, kisha shilingi 40 kwa siku kwa siku 365, na baada ya hapo mtambo unakuwa mali ya mteja na unafunguliwa moja kwa moja. Jumla inakuja shilingi 17,599.

Tazama ile 40. Inalingana na kile ambacho nyumba ilikuwa tayari inakitoa kwa mafuta ya taa, kuchaji na mawe. Kampuni haikumwomba mteja atafute fedha mpya. Ilimwomba aipeleke kwingine fedha ambayo tayari ilikuwa inatoka, na baada ya mwaka mmoja isitoke tena. Hili ni jambo la kupanga bei ambalo wengi wanaoiga wanaliruka. Wanaanza na gharama ya bidhaa, wanaongeza faida, wanagawa kwa miezi, kisha wanashangaa kwamba mteja analipa miezi miwili na kuishia hapo. Bei ya kila siku ikizidi kile kilichokuwa kinatoka mfukoni, tofauti hiyo lazima ikatwe kwenye chakula au ada ya shule, na mwezi mgumu ukifika inakatwa kwako.

Jambo jingine lililokaa vizuri ni kuuza siku badala ya kudai tarehe. Mkulima wa mahindi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ana fedha baada ya mavuno, na kabla ya mavuno ana miezi mikavu. Mkopo wa kawaida unamhesabu mdeni sugu katika miezi hiyo na kumwongezea faini. Mpango wa siku unamwacha alale gizani siku tano, alipe ya sita, aendelee. Siku zake 365 zinaisha baada ya siku 400 au 430 za kalenda, basi. Kampuni inapata fedha kwa kuchelewa kidogo, lakini inabaki na mteja. Malipo ya awali nayo yalifanya kazi mbili: yalipunguza fedha ya kampuni iliyokuwa hatarini, na yaliwachuja wale ambao hawakuwa na nia au uwezo kabla mtambo haujatoka dukani.

Bado kuna kitu cha tatu bila hicho kisa hiki kisingekuwepo, ingawa hakikutokana na simu. Bei ya paneli za sola ilishuka sana duniani kati ya 2008 na 2012, na taa za LED zikawa zinatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Paneli ndogo ambayo miaka kumi nyuma ingewasha balbu moja ya kusikitisha, sasa ilitosha taa kadhaa na simu. Kama mtu angekuja na mpango huohuo mwaka 2004, akiwa na akili ileile na mtaji uleule, angeshindwa: M-Pesa haikuwepo, na mtambo ungekuwa mkubwa na ghali kupita ile 40. Angekuja 2016, angekuta washindani wamejaa.

Wengine nao walikuwa wameinusa nafasi hiyo karibu wakati huohuo. Arusha, kampuni ya Off-Grid Electric ilianza kazi miaka hiyohiyo, baadaye ikajulikana kwa jina la Zola. Kulikuwa na waliojaribu kadi za kukwangua zenye namba za siri ambazo mteja aliziingiza kwenye mtambo. Watu kadhaa wasiofahamiana wakifika mahali pamoja ndani ya miaka miwili, ina maana kizuizi kimeanguka kweli. Mimi mtu akiniambia hakuna yeyote duniani anayejaribu kitu kama chake, naanza kwa kuuliza kama kizuizi kimeondoka au yeye ndiye hajakiona.

Sasa tuingie kwenye sehemu inayouma. Biashara hii kwa sura ni ya kuuza sola, ila undani wake ni kukopesha. Kila mtambo unaotoka dukani ni mkopo mpya, na mauzo yakipanda haraka, mikopo inapanda haraka. Tufanye hesabu ya mfano, kwa namba nilizozichagua mimi ili zionyeshe jinsi inavyokwenda. Mtambo unaigharimu kampuni shilingi 9,000 hadi unafika dukani, na wakala wa mauzo analipwa kamisheni 1,500. Jumla 10,500. Mteja ametoa 3,000 za awali, kwa hiyo 7,500 ziko nje. Kwa 40 kwa siku, inahitaji siku 188 za malipo kurudisha gharama ya bidhaa na kamisheni tu. Bado hujalipa kituo cha simu cha wateja, fundi wa kubadilisha betri mbovu, mishahara, wala riba ya fedha uliyokopa wewe mwenyewe kununua mitambo. Mteja anayeacha siku ya 150 amekuachia hasara, hata kama kwenye ripoti anahesabiwa kuwa nyumba moja zaidi iliyopata mwanga.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama kampuni ya namna hii ina afya asitazame idadi ya mitambo iliyouzwa. Achukue wateja wote waliojiunga mwezi mmoja, tuseme Machi, awafuate peke yao. Baada ya siku 100 walitakiwa wawe wamelipia siku 100. Wamelipia ngapi kwa wastani? Kisha Aprili, kisha Mei. Kama kundi la Machi lilifika siku 90, la Julai 80 na la Novemba 65, basi mauzo yanakua kwa kushusha ubora wa wakopaji: mawakala wanalipwa kwa kuuza, hivyo wanamsainisha yeyote. Ukichanganya makundi yote kwenye jumla moja, wateja wapya wanaolipa vizuri wiki zao za kwanza wanawafunika wa zamani walioacha, na ugonjwa hauonekani hadi mauzo mapya yapungue.

Sekta nzima ilipitia hapo. Mobisol, kampuni ya Berlin iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, Rwanda na Kenya, iliingia katika ufilisi mwaka 2019 na kununuliwa na Engie ya Ufaransa. M-KOPA yenyewe mwaka 2018 ilipunguza wafanyakazi wapatao 150. Hiyo haifuti kwamba pengo lilikuwepo. Inaonyesha kwamba kuona pengo na kuweza kugharimia kuliziba ni kazi mbili tofauti, na ya pili inadai mtaji mkubwa unaokaa nje kwa muda mrefu.

Na mwelekeo hausimami ukusubiri. Pengo lililozaliwa kwa sababu umeme ulichelewa linaweza kuzibwa na umeme wenyewe ukifika. Mwaka 2015 Kenya ilianza mradi wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, na gharama ya kuunganishwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, ikilipwa kwa awamu. Kwa muuza sola, nguzo za umeme zikianza kusimikwa kwenye kata fulani, mikopo yote aliyotoa kwenye kata hiyo imebadilika hatari yake siku hiyohiyo. Mteja aliyebakiza siku 200 ataanza kujiuliza kwa nini alipie taa tatu wakati balbu ya stima inawaka. Mtu anayejenga biashara juu ya pengo la namna hii anapaswa kuwa na ramani ya lini na wapi linafungwa, na mkopo wake uwe mfupi kuliko muda huo. Mwaka mmoja ulikuwa urefu wa akili. Mipango ya miaka mitatu ya televisheni kubwa ilikuwa na hatari zaidi, na si kwa sababu ya bei peke yake.

M-KOPA ilinusurika kwa kuusoma upya mwelekeo uleule. Simu ziliendelea kuenea, lakini sasa pengo lilikuwa limehamia kwingine: intaneti ilikuwa imefika hewani, na watu wengi bado walikuwa na vitochi kwa sababu simu janja inadai mkupuo. Kizuizi ni kilekile cha mwanzo, na dawa ni ileile, kwani simu inaweza kufungwa kwa mbali kirahisi kuliko sola. Kampuni ikahamishia nguvu zake kwenye simu janja za kulipa polepole, ambazo leo ndizo sehemu kubwa ya biashara yake. Hapo ndipo unapoona kwamba kile ilichokijenga tangu 2012 kilikuwa njia ya kukusanya fedha ndogondogo na kumbukumbu za nani hulipa, na sola ilikuwa bidhaa ya kwanza kupita kwenye njia hiyo.

Nataka kumalizia kwa kuuweka usomaji huu juu ya mwelekeo mwingine, kwa sababu mahali unapokwama panafundisha sana. Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 4.4 kwa sensa ya 2012, na milioni 5.4 kwa ile ya 2022. Nyumba zimetangulia, mabomba ya majitaka yamebaki nyuma. Wakazi walio wengi wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Pengo lipo, na watu wanalilipia. Shimo likijaa, mwenye nafasi anaita gari la kunyonya. Kwenye mitaa iliyobanana ambako gari halipiti, wanaitwa vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa ndoo na koleo, usiku, bila kinga ya maana, na kinachotolewa kinafukiwa kwenye shimo lingine palepale uani. Wengine wanasubiri masika na kutapisha choo, uchafu uende na maji ya mvua kwa jirani. Kwa kipimo cha meza ya kinyozi, hapa kuna kila dalili: bei kubwa, huduma mbaya na wateja wa uhakika wanaoongezeka kila mwaka.

Ukiuliza kizuizi, jibu la haraka ni kwamba gari halipiti. Pampu ya mkono iitwayo Gulper ilibuniwa kwa ajili hiyohiyo na ikajaribiwa Temeke: watu wawili wanaiingiza shimoni kwa juu, wanapampu uchafu kwenye mapipa, hakuna anayeingia. Inafanya kazi kwenye uchafu mwepesi wa juu, inashindwa ulioganda chini na inakwama kwenye matambara na mifuko. Bado, sehemu hiyo ya kizuizi imelegea. Lakini mapipa yakishajaa lazima yaende mahali. Bajaji ya mizigo ikitoka Mbagala na mapipa machache kwenda kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, mafuta na foleni vinakula malipo ya kazi nzima. Hapo ndipo kizuizi kilipo, na hakuna simu wala pampu iliyokiondoa. Anayelitamani pengo hilo mwaka huu aiweke pampu kando kwanza, aende serikali ya mtaa na manispaa kuulizia eneo lililoruhusiwa la kushushia uchafu lililo karibu na wateja wake, na apige hesabu ya safari moja ya bajaji kutoka uani hadi hapo.